Win+Shift+S imegoma? Angalia loki ya kibodi kabla hujapiga Windows upya

Kuna tatizo limezagaa sana hapa Tanga mjini, hasa kwenye steshenari za Ngamiani na Chumbageni na kwa vijana walionunua kibodi za kuwaka taa rangi rangi. Mtu anabonyeza Win+Shift+S apige skrinshoti, kimya. Anajaribu Win+PrtScn, kimya. Akiuliza anaambiwa mara ni virusi, mara Windows yako haijalipiwa, mara kibodi imekufa nunua nyingine, na wa mwisho anamwambia leta hiyo mashine nikupigie Windows upya. Na kwa kesi nyingi ninazozikuta mashine haina ugonjwa wowote, kuna loki tu imewashwa kwenye kibodi na mwenye kompyuta hajui kama kibodi yake ina hicho kitu. Inaniuma kwasababu mtu analipa pesa na anapoteza mafaili yake kwa jambo la kubonyeza vitufe viwili.

Tuelewane kwanza kwenye maneno. Kitufe cha Windows ni kile chenye alama ya dirisha, kipo chini kushoto jirani na Ctrl na Alt, hapa nitakiita Win tu kama kinavyoandikwa kwenye maelekezo mengi. Fn ni kile kitufe kidogo cha chini ambacho peke yake hakifanyi kitu, kazi yake ni kubadilisha kazi ya vitufe vingine. PrtScn ni kile cha juu upande wa kulia, kwenye kibodi nyingine kimeandikwa Print Screen au PrtSc. Na loki ninayoizungumzia ni ule mpango wa kuzima Win makusudi, watengenezaji wengine wanauita Game Mode, wengine Gaming Mode, wengine Win Lock, jina linabadilika ila kazi ni ileile, ukiiwasha Win inakufa na ukiizima inafufuka.

Sasa skrinshoti zenyewe. Kwenye Windows 10 na 11 njia ambazo watu wengi wanazitumia ni hizi: Win+Shift+S, skrini inafifia kidogo afu unachora eneo unalotaka, na Win+PrtScn, hii inapiga skrini nzima na kuihifadhi moja kwa moja kwenye folda ya Screenshots iliyo ndani ya Pictures. Halafu ipo PrtScn yenyewe bila kushika kitu kingine, na Alt+PrtScn ya kupiga dirisha moja tu lililo mbele. Ukiziangalia vizuri utaona mbili za kwanza zinaanza na Win na mbili za mwisho hazina Win kabisa. Hiyo tofauti ndo itakayotusaidia huko mbele.

Kwanini mtu atengeneze loki ya kuzima kitufe chake mwenyewe

Kitufe cha Win kilianza kuonekana kwenye kibodi ya Microsoft ya mwaka 1994, Windows 95 ilipokuja kikawa cha kufungulia menyu ya Start, na wakakiweka katikati ya Ctrl na Alt. Kwa mtu wa ofisini hapo ni mahali pazuri tu. Lakini kwa mcheza gemu ni balaa, maana gemu nyingi za kompyuta unatembea kwa W A S D kwa mkono wa kushoto na kidole kidogo kinakaa kwenye Shift au Ctrl, kwahiyo katikati ya vita kidole kinateleza kidogo kinagusa Win, menyu ya Start inafunguka, gemu inashuka chini, ukirudi umeshauawa. Watengenezaji wa kibodi za gemu wakaona bora waweke swichi, ukiwa unacheza unaizima Win, ukimaliza unaiwasha.

Kwahiyo ni kitu kizuri kilichowekwa kwa nia njema. Shida inaanza pale kibodi ya gemu inapoangukia kwenye mikono ya mtu ambaye hachezi gemu. Na hapa kwetu hilo linatokea kila siku, kwasababu kibodi hizi zinakuja nyingi toka Kariakoo, nyingine mpya za bei ndogo, nyingine yuzdi zimeshatumika huko na kijana fulani, na karatasi ya maelekezo haipo, boksi lenyewe halipo. Unainunua kwasababu inawaka vizuri na vitufe vyake vinabonyea vizuri, hujui kama ndani kuna swichi ya siri.

Na kuiwasha bila kujua ni rahisi mno. Kwenye kibodi nyingi za bei ya chini loki ni Fn+Win, yaani vitufe viwili ambavyo mara nyingi viko mstari mmoja. Ukiwa unafuta vumbi kwa kitambaa kompyuta ikiwa imewashwa unaweza ukavigusa vyote kwa pamoja. Mtoto akiegemea mkono, hivyohivyo. Halafu siku tatu baadae ndo unahitaji skrinshoti, hutakumbuka kama juzi ulifuta kibodi.

Kwanini Windows yenyewe haijui

Hapa ndo pa kuelewa vizuri maana uongo wote unazaliwa hapa. Ndani ya kibodi kuna chipu ndogo. Ukibonyeza herufi yoyote, chipu ndo inayoona kwanza, halafu ndo inatuma taarifa kwenye kompyuta kupitia waya wa USB kwamba kitufe fulani kimeshikwa. Loki ya Win ikiwashwa, chipu inaona kabisa kwamba umebonyeza Win, lakini haitumi kitu. Windows upande wa pili haipokei chochote, kwake ni kama hujagusa kibodi. Fn nayo kwenye kibodi hizi inaishia humohumo kwenye chipu, ndo maana ukibonyeza Fn+Win hakuna maandishi yoyote yanayotokea kwenye skrini kukwambia umezima kitu.

Ni kama koki ya pale kwenye mita ya maji nje ya nyumba imefungwa, we uko jikoni unafungua bomba hakuna maji, unabadilisha bomba, unamuita fundi abomoe ukuta aangalie paipu, na maji hayaji, kwasababu pa kufungulia si ndani ya nyumba. Kupiga Windows upya, kuskani virusi, kubadilisha draiva, hizo zote zinafanyika ndani, na loki iko nje kwenye kibodi. Kibaya zaidi kibodi nyingine zinakumbuka hali ya loki hata ukizichomoa, zina memori yake ndani, kwahiyo unaichomoa unaenda kuichomeka kwenye laptopu ya jirani na Win bado haifanyi kazi, hapo mtu anahitimisha kabisa kwamba kitufe kimekufa. Hakijafa.

Dalili ambayo watu wengi wanaipita

Win ikiwa imefungwa, Shift na S bado ni nzima. Kwahiyo ukibonyeza Win+Shift+S, kinachofika kwenye kompyuta ni Shift+S peke yake, na Shift+S maana yake ni herufi kubwa S. Ikiwa kasa yako, kile kimstari kinachowaka na kuzima pale unapoandika, iko kwenye Word, S inaandikika pale. Ikiwa uko kwenye Excel na umechagua seli yenye namba, S inafuta ile namba na kukaa yenyewe, na hii ni hatari kweli kwa mtu anayetunza hesabu za duka maana unaweza usione kabisa. Ikitokea bonyeza Esc hapohapo kabla hujabonyeza Enter, thamani yako ya zamani inarudi, na kama umeshatoka kwenye seli basi Ctrl+Z.

Kuna dada mmoja wa steshenari pale Ngamiani, anajazia vijana maombi ya mkopo wa chuo na vitu vya kontrol namba, yeye kazi yake akishafika kwenye ukurasa wa malipo anapiga skrinshoti anamtumia mteja wasapu akalipe. Siku hiyo akaniita, "Kaka njoo uangalie hii kompyuta imeingia kirusi, inaandika S yenyewe." Nikamuuliza inaandika saa ngapi, akasema nikipiga tu skrinshoti. Tukarudi nyuma kwenye fomu ya yule kijana aliyekuwa amekaa pale, kasa ilikuwa imebaki kwenye sehemu ya jina la tatu, na jina la tatu la mtoto wa watu lilikuwa na S kubwa mbili mwishoni ambazo kwenye cheti chake hazipo. Fikiria hiyo fomu ingetumwa vile, jina lisifanane na la kwenye vyeti, ni usumbufu wa wiki nzima kwa mtu ambaye hana kosa. Ndo maana nasema hii si ishu ndogo ya wacheza gemu.

Sasa niwaeleze tulivyoipima, maana mpangilio wa kupima ndo wenye faida na mtu yeyote anaweza kuurudia.

Kwanza nilifungua Notepad tupu, ili tukiandika takataka isiharibu kitu cha mtu. Nikabonyeza Win peke yake mara moja, Start haikufunguka. Nikabonyeza Win+E, ambayo ilitakiwa kufungua mafaili, ikaandikika e. Hapo tayari nikajua shida si skrinshoti, ni Win yote. Hili la kubonyeza Win peke yake lifanye kabla ya kitu chochote, kwasababu kama Start inafunguka vizuri basi loki ya kibodi haihusiki na usiendelee kuhangaika na kibodi, tatizo lako liko kwingine na nitaligusia.

Pili nikabonyeza Ctrl+Esc. Hii ni njia ya zamani ya kufungua Start na haitegemei Win hata kidogo. Ikafunguka. Maana yake menyu ya Start ni nzima, Windows ni nzima, kinachokosekana ni ule ujumbe wa Win tu.

Tatu nikachukua kile kibodi chake cha zamani cheusi alichokuwa amekiweka chini ya meza, nikakichomeka kwenye USB nyingine bila hata kutoa kile cha taa, kompyuta inakubali kibodi mbili kwa pamoja haina shida. Nikabonyeza Win kwenye kile cha zamani, Start ikafunguka palepale. Nikapiga Win+Shift+S, skrini ikafifia. Kwahiyo kompyuta ileile, Windows ileile, kibodi kimoja Win inafanya kazi na kingine haifanyi. Hapo hakuna tena cha kubishania kuhusu virusi. Hiki kipimo cha kibodi ya pili mi naona ndo bora kuliko vyote, azima hata kwa jirani dakika mbili.

Nne ndo kuitafuta loki yenyewe. Nikainama kuangalia kitufe cha Win kwa karibu, na pembeni ya alama ya dirisha kulikuwa na kichoro cha kufuli kidogo sana, kimechorwa kwa rangi ya bluu sawasawa na maandishi ya Fn. Rangi ikifanana hivyo inamaanisha hiyo kazi inafanyika ukishika Fn. Nikashika Fn nikabonyeza Win, nikaachia, nikajaribu Win, Start ikafunguka. Basi, imeisha. Dada aliangalia akasema "hii tu?" Ndiyo, hiyo tu.

Kwako inaweza isiwe Fn+Win. Kwenye kibodi nyingi za gemu za Razer ni Fn+F10, na loki ikiwa imewaka kunakuwa na kitaa au herufi G. HyperX Alloy FPS inatumia Fn+F12. Kibodi nyingi za Corsair zina kitufe chake kabisa juu chenye alama ya dirisha na kufuli, huhitaji Fn. Logitech za mfululizo wa G nyingi zina kitufe chenye picha ya kishikio cha gemu. Na zile zisizo na jina la maana, angalia mstari wa F1 mpaka F12 na kitufe cha Win chenyewe, tafuta kichoro cha kufuli, cha kishikio cha gemu au alama ya dirisha iliyokatwa mstari. Kuna nyingine zinataka ushikilie sekunde tatu hivi, kwahiyo ukibonyeza haraka isipobadilika jaribu kushikilia. Na angalia vitaa vidogo vya pale juu karibu na Num Lock na Caps Lock, kikiwa cha tatu au cha nne kinawaka na hujui ni cha nini, mara nyingi ndo hicho. Kwenye zile za taa kila kitufe, nyingine zinazima taa ya Win pekee wakati vingine vyote vinawaka, na hapo kibodi inakuwa imeshakwambia tatizo iko wazi kabisa.

Je kitufe kinaweza kufa kweli? Kinaweza, chai ikimwagika au vumbi likishiba. Namna ya kutofautisha, kama kibodi yako ina Win mbili, kushoto na kulia, jaribu zote. Loki inazifunga zote mbili kwa pamoja. Kitufe kibovu kinakufa kimoja na mwenzake anabaki mzima. Na kitufe kibovu mara nyingi kinakufa taratibu, leo kinakubali ukikandamiza sana, kesho hakikubali, wakati loki inakata mara moja kama umeme.

Game Mode ya Windows haihusiki

Mtu akisikia "zima modi ya gemu" anakimbilia kwenye setingi, anaingia Settings, Gaming, Game Mode, anaizima, anarudi Win bado imekufa, anakata tamaa anasema fundi kanidanganya. Hivi ni vitu viwili vimepewa jina moja na ni bahati mbaya kweli. Game Mode ya Windows ilikuja na toleo la Windows 10 la mwaka 2017, kazi yake ni kuipa gemu kipaumbele mashine inapokuwa na kazi nyingi na kuzuia Windows Update isikusumbue kwa kufunga draiva au kukwambia uzime uwashe katikati ya mchezo. Haigusi kitufe chochote cha kibodi. Iache ilivyo, kwenye kompyuta nyingi imewashwa toka mwanzo na haijazima Win ya mtu.

Vilevile hili la Windows kutolipiwa. Windows isiyo na leseni inakuwekea maandishi pale pembeni chini ya skrini na inakunyima kubadilisha picha ya nyuma na rangi kwenye setingi. Haizimi Win wala haikatai skrinshoti. Leseni ni jambo zuri kuwa nayo ila usiinunue ukitegemea itakufungulia kitufe.

Loki inapokuwa kwenye programu

Kuna upande mwingine ambao kidogo ni mgumu, pale loki haiko kwenye chipu bali kwenye programu ya kibodi au ya laptopu. Laptopu za gemu za ASUS zina Armoury Crate, na za Acer zina NitroSense au PredatorSense, na humo ndani kuna swichi ya Windows Key. Kwa laptopu usianze kutafuta kufuli kwenye vitufe, anza na hiyo programu. Kwenye kibodi za Razer programu ya Synapse inaweza kuwasha loki na kuzima pia Alt+Tab na Alt+F4, kwahiyo ukiona na hizo mbili zimekufa pamoja na Win, hiyo ni dalili ya wazi kwamba ni modi ya gemu na si kitufe kimoja kibovu. Tena programu hizi zinaweza kufungamana na gemu fulani, gemu ikifunguka loki inawaka. Kijana anakwambia "Win yangu inakufa usiku tu", ukimuuliza usiku unafanya nini, anacheza.

Na ile hali niliyosema nitaigusia, Win peke yake inafungua Start vizuri lakini Win+E, Win+D na Win+Shift+S zote zinagoma. Hii si kibodi. Kwenye kompyuta za maabara ya shule, ofisi au intaneti kafe msimamizi anaweza kuwa amezuia njia za mkato za Win kwa setingi ya Windows. Bonyeza Ctrl+Esc, andika cmd, fungua, halafu andika hii:

```
reg query "HKCU\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\Explorer" /v NoWinKeys
```

Ikijibu mstari wenye NoWinKeys na mwisho 0x1, njia za mkato zimezuiwa makusudi. Ikisema haikupata kitu, haiko hapo. Kama kompyuta ni ya ofisi usiiondoe mwenyewe, mwambie msimamizi, pengine ana sababu yake.

Na kama Win zote mbili, Win+E, vyote vinafanya kazi ila Win+Shift+S unaona haikupi picha, angalia kama skrini inafifia. Ikififia, skrinshoti inapigwa. Kwenye Windows 10 ukishachora eneo picha inaenda kwenye klipbodi tu, haihifadhiwi kama faili, inabidi uende wasapu au Paint ubonyeze Ctrl+V. Watu wengi wanatafuta kwenye mafaili hawaioni wanadhani imegoma.

Unahitaji picha sasa hivi na loki hujaiona

Mteja amekaa mbele yako, hujui kufuli liko wapi, usimrudishe. Bonyeza PrtScn peke yake au Alt+PrtScn, hizi hazina Win ndani yake kwahiyo loki haizigusi. Windows 11 za karibuni PrtScn inafungua moja kwa moja ile ya kuchora eneo. Kama yako haifungui, ingia Settings, Accessibility, Keyboard, washa ile ya kutumia Print screen kufungua kikata skrini, kwenye Windows 10 iko Ease of Access, Keyboard. Ukishaiwasha hiyo, PrtScn inafanya kazi ileile ya Win+Shift+S na kwa steshenari mi naona hata ni bora zaidi, kitufe kimoja badala ya vitatu.

Kuna vibodi vidogo ambavyo havina kabisa PrtScn, au ipo ila mpaka ushike Fn. Kwa hao tengeneza njia yako ya mkato. Kwenye desktop bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, chagua New kisha Shortcut, na pale panapouliza mahali andika hivi:

```
explorer.exe ms-screenclip:
```

Ipe jina lolote, labda Skrinshoti. Halafu ibonyeze kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, kwenye sehemu ya Shortcut key bonyeza S, yenyewe itajiandika Ctrl + Alt + S, bonyeza OK. Iache palepale kwenye desktop, usiipeleke kwenye folda nyingine maana hapo vitufe havitaitikia. Toka hapo Ctrl+Alt+S inafungua kikata skrini, na hata siku vitufe vikikataa unaweza kuibonyeza kwa mausi mara mbili. Yule dada nimemwekea hii, na loki yake nimeshaitoa, ili siku mtoto akigusa tena Fn+Win kazi isisimame.

Ukienda kununua kibodi ya gemu iliyotumika, iwe hapa mjini au unaagiza kwa mtu wa Kariakoo, mwambie aichomeke kwanza, fungua Notepad, bonyeza Win uone Start inafunguka, halafu tafuta loki uiwashe na kuizima mbele yake. Isipofunguka, usikubali haraka kupunguziwa bei kwa kuambiwa kitufe ni kibovu, na wala usiiache kama ni nzuri, jaribu kwanza Fn+Win, shikilia sekunde tatu, pita kwenye F10 na F12 ukiwa umeshika Fn. Na ukifika nayo nyumbani bandika kikaratasi chini yake ukiandika loki iko kitufe gani, maana atakayeihitaji hiyo taarifa huenda si wewe, ni mdogo wako aliyebaki na kompyuta ukiwa safarini.